Mstari wa moyo kiganjani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kati ya mistari yote hii, mstari wa moyo ni upi?

Ni mkunjo mkubwa wa kwanza unaokutana nao ukishuka kutoka kwenye vidole. Weka macho kwenye shina la kidole cha mwisho, shuka nayo polepole ukifuata ukingo wa nje wa kiganja, na mstari mnene wa kwanza unaoingia ndani kutoka ukingo huo ndio wenyewe. Hupita chini ya kidole cha mwisho na cha pete, kisha huelekea kidole cha kati au cha shahada. Chini yake kuna mstari wa akili, ambao hutokea upande wa pili, kati ya kidole gumba na cha shahada. Mstari wa uhai ni ule unaozunguka mnofu wa kidole gumba.

Wanaoanza huuchanganya na ukanda wa Zuhura, kijistari chembamba chenye umbo la upinde kilichoko juu zaidi, chini ya kidole cha kati na cha pete. Ukanda huo mara nyingi ni vipande vipande, tena hauanzii ukingoni. Si kila mtu anao. Ukiona mistari miwili juu ya mstari wa akili, fuata ule unaotoka ukingoni.

Huanzia wapi? Kila ninayemsoma anasema lake.

Ugomvi huu ni wa zamani na umewapotosha wengi. Cheiro, msoma viganja mzaliwa wa Ireland aliyevuma sana mwishoni mwa karne ya 19, aliuelezea mstari wa moyo kama unaochipuka upande wa kidole cha shahada au cha kati na kusafiri kuelekea kidole cha mwisho. Wasomaji wengi wa siku hizi wamegeuza mwendo: kwao mwanzo ni ukingoni, chini ya kidole cha mwisho, na mwisho ni upande wa kidole cha shahada.

Kwa hiyo mmoja akisema “mstari ukianzia kilima cha Mshtarii” na mwingine “mstari ukiishia kilima cha Mshtarii”, wote wanazungumzia sehemu ile ile ya kiganja na kwa kawaida maana wanayoipa ni moja. Kilima cha Mshtarii ni kile kinyama kilichoinuka chini ya kidole cha shahada. Chini ya kidole cha kati kuna kilima cha Zohali, chini ya kidole cha pete kilima cha Jua, na chini ya kidole cha mwisho kilima cha Utaridi. Kabla hujasema waandishi wawili wanapingana, hakikisha kwanza kila mmoja anauhesabu mstari kutoka upande gani.

Ukurasa huu unafuata mwendo wa sasa, kutoka ukingoni kwenda ndani. Mimi naupendelea kwa sababu ndivyo mstari wenyewe unavyoonekana. Ukingoni huwa mnene na mmoja. Upande wa pili huwa umekonda, umegawanyika au umefifia. Anayetaka kupima umri juu ya mstari, kwamba hapa ni miaka 20 na pale ni 40, mwendo humhusu sana. Sisi tunaangalia tabia ya hisia tu, kwa hiyo haitusumbui.

Mwanzo wenyewe unaeleza nini?

Kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Viganja vingi vinafanana sana sehemu hii, na kinachofanana kwa wote hakiwezi kumtofautisha mtu na jirani yake. Yapo mambo mawili ya kutazama.

La kwanza ni umbali kati ya mwanzo wa mstari na shina la kidole cha mwisho. Kwa desturi, mstari ulioanzia chini, ukaacha nafasi pana juu yake, husomwa kama wa mtu ambaye hisia zake hujionyesha wazi: akiudhika utajua, akifurahi utajua. Ulioanzia juu, karibu na kidole, husomwa kama wa mtu anayezichuja kwanza. La pili ni usafi wa mwanzo. Ukiingia kama mstari mmoja, husemwa kwamba mtu huyu anajua anachokihisi. Ukiingia na vijitawi kama manyoya au umbo la mnyororo, husemwa kwamba hisia humjia nyingi kwa pamoja na huchukua muda kuzitaja kwa majina yake. Ningekushauri uyaandike yote mawili kwa penseli, si kwa wino, hadi uone mwisho na upinde.

Na mwisho? Nitajuaje umeishia chini ya kidole gani?

Usikisie kwa jicho. Legeza mkono, vidole vikiwa pamoja bila kubanwa, kisha fikiria mstari wima unaoshuka kutoka katikati ya kila kidole, na mwingine unaoshuka kutoka pengo lililo kati ya kidole cha kati na cha shahada. Tazama ncha ya mstari wa moyo imeangukia wapi. Taa iwe pembeni, si juu ya kiganja, kwa sababu mwanga wa pembeni hutia kivuli ndani ya mkunjo na kuonyesha ncha iliyofifia. Makosa mengi huzaliwa hapa: mtu huishia pale unene wa mstari unapoisha, ilhali uzi mwembamba umeendelea zaidi kidogo hadi kwenye pengo.

Ukiishia chini ya kidole cha shahada, juu ya kilima cha Mshtarii, husomwa kama moyo wenye viwango. Mtu huyu hupenda kwa kumheshimu mpenzi wake, na karibu kila mara ana picha kichwani ya jinsi mapenzi yanavyopaswa kuwa. Akimpata anayelingana na picha hiyo, ni mwaminifu kupita kiasi. Tatizo lake ni siku picha inapopasuka: hakasiriki tu, hushuka moyo, kana kwamba amedanganywa hata kama hakuna aliyemdanganya.

Ukiingia katika pengo kati ya kidole cha shahada na cha kati, hapo wasomaji wa zamani na wa sasa wanakubaliana kuliko popote. Ni mapenzi tulivu na ya kina. Mtu hutoa bila kujimaliza, na huomba anachokihitaji bila kununa kwanza. Cheiro naye aliuona mwisho huu kuwa wa mapenzi yasiyo na kelele lakini yenye mizizi.

Ukiishia chini ya kidole cha kati, vitabu vya zamani havina huruma: vinamwita mtu huyu mbinafsi, mwenye kutawaliwa na tamaa ya mwili. Hukumu hiyo naikataa, si kwa sababu ya upole bali kwa sababu haielezi kitu. Usomaji wenye manufaa zaidi ni kwamba huyu huanzia kwenye haja zake mwenyewe. Anajua haraka anachokitaka na asichokitaka, hapendi kubanwa, na hujifunza kusoma haja za mwenzake kwa kuambiwa, si kwa kuhisi. Mwambie waziwazi, atafanya. Ukisubiri aotee, utasubiri sana.

Upo pia mwisho wa nne: mstari unaonyooka hadi karibu uvuke kiganja chote, ukipita chini kabisa ya kidole cha shahada. Huyu husemwa kuwa moyo wake ni wa watu wengi. Hujali kazi, jamaa, kundi, wanaomtegemea, na mpenzi wake huweza kujikuta amesimama kwenye foleni pamoja na wengine.

Tukiachana na sehemu hizo nne, kuna ncha inayoinama chini na kugusa mstari wa akili. Kwa desturi husomwa kama moyo unaojeruhiwa upesi na unaopima kila neno lililosemwa. Na kuna ncha yenye panda. Panda ndogo huleta pamoja maana za sehemu mbili inazozigusa, kwa hiyo ukiona tawi moja pengoni na jingine chini ya kidole cha shahada, usichague. Soma yote mawili.

Nitapimaje kama mstari wangu umepinda au umenyooka?

Karibu kila mstari wa moyo umepinda kidogo, na ndiyo sababu watu hubishana. Tumia uzi. Uweke kutoka mwanzo wa mstari ukingoni hadi kwenye ncha yake, uuvute unyooke, kisha tazama jinsi mstari wa kiganja unavyoshuka chini ya uzi. Ukiambatana na uzi karibu njia nzima, huo ni mnyoofu. Ukiacha nafasi ya kutosha kuingiza ncha ya penseli iliyolala, una upinde wa wastani. Nafasi ikizidi hapo, upinde ni mkubwa. Vipimo hivi ni vya kujisaidia tu. Mkono mkubwa na mkono wa mtoto havipimwi kwa penseli moja.

Usikunjue vidole kwa nguvu wakati wa kupima. Kiganja kikivutwa nyuma, ngozi hutanuka, mstari hunyooka na rangi yake hupotea. Nimeona upinde ulio wazi kabisa ukisomwa kama mstari mnyoofu kwa sababu mwenye mkono alikuwa anajitahidi “kuonyesha vizuri”.

Upinde una maana gani basi?

Upinde unaeleza jinsi hisia inavyotoka nje. Mwisho unaeleza hisia hiyo inatafuta nini. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya kazi umeimaliza.

Mstari uliopinda ukapanda kuelekea vidole husomwa kama wa mtu wa vitendo katika mapenzi. Hugusa, husema, hufuata. Ugomvi ukitokea hutaka uishe leo, hata usiku wa manane. Hisia zake hupanda haraka na kushuka haraka, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuomba radhi kwa sababu hawezi kukaa na uzito.

Mstari mnyoofu husomwa kama wa mtu ambaye hisia hupita kichwani kabla ya kufika mdomoni. Haina maana kwamba anahisi kidogo. Hupenda kwa kukumbuka, kwa kutimiza alichoahidi, kwa kukaa karibu bila maneno mengi. Baada ya ugomvi huhitaji kuwa peke yake kwanza, na ukimlazimisha kuzungumza kabla hajajipanga utapata jibu la ubaridi ambalo hata yeye halimaanishi.

Kosa la kawaida ni kuugeuza mstari uliopinda kuwa “mapenzi mengi” na mnyoofu kuwa “mapenzi machache”. Upinde haupimi wingi.

Mwisho na upinde wangu vinasema mambo tofauti. Nifuate kipi?

Vyote, kwa sababu havijibu swali moja. Mtu mwenye mstari mnyoofu ulioishia juu ya kilima cha Mshtarii ana viwango vya juu lakini havitangazi. Mwenzake anaweza kuishi naye muda mrefu bila kujua kwamba kuna mtihani na kwamba ameshaufeli. Mtu mwenye upinde mkubwa ulioishia mahali pale pale ana viwango vile vile, ila atakwambia siku hiyo hiyo, tena kwa sauti.

Kadhalika, upinde unaokomea chini ya kidole cha kati huleta mtu anayewaka haraka na kuondoka haraka, wakati mstari mnyoofu na mfupi unaokomea hapo huleta mtu anayelinda faragha yake kwa utulivu. Vitabu vinavyoorodhesha miisho pekee vingewapa watu hawa maelezo yale yale.

Naomba mfano wa kusoma kiganja kizima cha aina hii.

Chukua mwanamke mtu mzima anayetumia mkono wa kulia, aliyekuja na swali moja: kwa nini kila mchumba humwambia ni mgumu kueleweka, ilhali yeye anajiona muwazi.

Mkono wa kulia: mwanzo ni mmoja, safi, wenye nafasi ya wastani chini ya kidole cha mwisho. Mstari unaambatana na uzi hadi chini ya kidole cha pete, kisha unapanda kidogo tu. Ncha nene inaishia chini ya kidole cha kati, na kwa mwanga wa juu ungeandika “Zohali” ukafunga daftari. Taa ikihamishiwa pembeni, uzi mwembamba unaonekana ukiendelea hadi kwenye pengo, na tawi fupi linaelekea kilima cha Mshtarii. Mkono wa kushoto: upinde mkubwa, unaoishia wazi kabisa kwenye kilima cha Mshtarii.

Tukianza na mkono wa kushoto, ambao kwa mtumiaji wa kulia husomwa kama tabia ya kuzaliwa nayo, tunapata moyo wenye viwango na unaopenda kusema. Mkono wa kulia, unaosomwa kama tabia anayoishi nayo sasa, umenyooka na mwisho wake umesogea kuelekea pengoni. Usomaji ni huu: viwango bado vipo, lile tawi fupi linavitaja, ila njia ya kuvitoa imebadilika. Ndani anahisi kwa upinde, nje anazungumza kwa mstari mnyoofu.

Hapo ndipo swali la kuhakiki linapoingia. Aliulizwa, “Dada, ukiudhika, unajibu palepale au baadaye?” Akasema hujibu palepale. Akaulizwa tena, “Kwa sauti, au kichwani?” Akanyamaza, kisha akacheka. Majibu yote aliyokuwa akiyahesabu kuwa uwazi wake aliyatoa kichwani. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kiganja hakikutoa jibu hilo. Kilitoa swali, na jibu lilitoka kwake. Kama angesema hujibu kwa sauti na watu humwelewa vizuri, usomaji ungekuwa umekosea, na msomaji angetakiwa kukubali hivyo badala ya kutafuta kijistari kingine cha kumwokoa.

Mstari wangu umekatika. Nitaachwa?

Hapana. Mkatiko husomwa kama badiliko katika namna ya kuhisi, na hata hilo ni la desturi tu. Anayekutajia mwaka wa kuachwa kwa kuangalia mkatiko anakuuzia hofu.

Je, mstari huu unaonyesha maradhi ya moyo?

Vitabu vya zamani vilijaribu, hasa kwa visiwa, yaani vijiduara vilivyo ndani ya mstari, na minyororo. Usivifuate. Maumivu ya kifua hupelekwa hospitali.

Kuna ushahidi wowote wa kisayansi?

Hakuna ushahidi kwamba umbo la mkunjo huu hueleza tabia ya mtu. Mikunjo mikubwa ya kiganja hujitokeza mtoto akiwa bado tumboni, na kwa kiasi kikubwa hufuata jinsi mkono unavyojengeka na kujikunja.

Kisa cha Ray Hyman kinafaa kujulikana na kila anayesoma viganja. Akiwa kijana, kabla hajawa mwanasaikolojia mashuhuri nchini Marekani, alikuwa akisoma viganja na aliamini kabisa kwamba vinasema kweli, kwa sababu wateja walimwambia anapatia. Rafiki yake Stanley Jaks akampa changamoto: asome kinyume cha kile vitabu vinavyosema. Hyman akafanya hivyo, na wateja wakaridhika vilevile. Yaani ukimwambia mwenye mstari mnyoofu kwamba ana moyo wa upinde, kuna uwezekano mkubwa atapata kumbukumbu za kukuunga mkono.

Mimi bado nasoma, kwa sababu maswali yanayotokana na mwisho na upinde ni maswali mazuri ambayo watu hawajiulizi. Lakini ukitaka kujipima, fanya alichofanya Hyman: msomee rafiki kinyume, mwangalie anavyokubali, kisha mwambie ukweli.

Nina mstari mmoja tu unaovuka kiganja. Wa moyo uko wapi?

Kwako mstari wa moyo na wa akili vimeungana. Ni hali ya watu wachache, na inaweza kuwa mkono mmoja tu. Madaktari huiandika wanapomchunguza mtoto mchanga kwa sababu huonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye sindromu ya Down, lakini peke yake haithibitishi chochote. Watu wengi wenye afya njema wanayo. Wasoma viganja huisoma kama hisia na fikra zisizotenganishwa: mtu akiamua, ameamua kwa moyo na akili kwa mpigo mmoja. Kanuni za mwisho na upinde zilizoelezwa hapa hazikuhusu, hivyo usijaribu kuzilazimisha.

Naweza kusomewa kwa picha ya simu?

Unaweza, ukichukua tahadhari. Kiganja kiwe kimelegea, mwanga utoke dirishani upande mmoja, na picha ionyeshe mkono wote pamoja na vidole, kwa sababu bila mashina ya vidole haiwezekani kujua mstari umeishia wapi. Ongeza picha moja ya ukingo wa nje, mwanzo upate kuonekana.

Tumia kamera ya nyuma. Kamera ya mbele kwenye simu nyingi huweza kuhifadhi picha iliyogeuzwa kama ya kwenye kioo, na kiganja cha kushoto kilichogeuzwa hufanana kabisa na cha kulia. Hata kidole gumba hakitakusaidia kugundua. Kwa hiyo andika pembeni ya kila picha ni mkono upi, na useme unatumia mkono gani kuandikia.